Taarifa ya Siku Moja

Mwenye nyumba wangu alikuwa na desturi ya kupiga hodi akiwa tayari ndani. Kwanza nilisikia kufuli, kisha mlango, kisha viatu vyake kwenye ukumbi, na mwisho kabisa sauti yake: "Hodi humu!" Nilipotoka chumbani nilimkuta amekwisha fungua mlango wa nyuma, kisu mkononi, anaelekea kwenye mianzi.

Nilikuwa mkunga wa zahanati ndogo ya misheni pale Makambako, katika miaka ya mwisho ya Waingereza. Kazi niliisomea hospitali ya Ilembula. Zahanati haikuwa na nyumba ya wafanyakazi, hivyo nilipanga nyumba ya vyumba viwili, chumba kimoja kila upande wa ukumbi. Ukumbi ulianza mlango wa mbele ukaishia mlango wa nyuma, na nyuma kulikuwa na uwanja wenye bafu la mabua na kichaka kikubwa cha mianzi ya ulanzi, ile inayogemwa pombe. Upande mmoja uwanja ulipakana na ukuta wa ghala la duka. Pande mbili zilizobaki mwenye nyumba alikuwa amezijengea ua wa miti iliyosongamana kiasi kwamba hata kuku hakupita. Aliujenga mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wakimwibia ulanzi. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kuifikia mianzi isipokuwa kupita ndani ya nyumba.

Wakati ule alikuwa akiishi humo yeye na mkewe, na jambo hilo halikumsumbua mtu. Kisha walijenga nyumba kubwa zaidi karibu na barabara, hii wakaipangisha.

Mapatano ya maandishi yalikuwa wazo lake. Mpangaji wake wa kwanza alikuwa fundi baiskeli aliyeondoka bila kuaga, na milango miwili ikaondoka naye. Kwa hiyo mimi nilipofika, mwezi wa kumi, wakati wa ukame na upepo, alinipandisha lori hadi Njombe kwa mwandishi wa barua aliyekuwa na mashine ya kupiga chapa karibu na soko. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujainuka. Mwandishi alikuwa akipasha vidole kwenye jiko la mkaa kila baada ya mistari michache. Alitumia mfano wa mapatano aliyokuwa akiwaandikia wenye maduka, na kila kifungu alituuliza.

"Mzee, unampangisha nini hasa?"

"Nyumba."

"Na uwanja?"

"Na uwanja. Andika vyote, maana kodi analipia vyote."

"Kuna kitu unachobakiza kwa matumizi yako? Stoo, kisima, miti?"

"Sibakizi kitu. Huyu binti ni wa misheni, siyo mwizi wa milango. Andika twende, lori litatuacha."

Mwandishi aliandika. Mapatano yalikuwa ya mwaka mmoja. Kifungu cha sita nilikisoma mara nyingi baadaye hata nikakijua kwa moyo: mwenye nyumba aweza kuingia kukagua nyumba au kuitengeneza, wakati wa mchana, baada ya kumpa mpangaji taarifa ya siku moja kabla. Mwandishi alitusomea yote kwa sauti. Mimi nilitia saini, mzee akatia dole gumba, kila mmoja akapewa nakala yake. Mianzi haikutajwa. Mwezi wa kumi mianzi ya ulanzi huwa ni fito kavu tu zinazopiga kelele kwenye upepo, na mzee hakuwa na sababu ya kuifikiria. Nadhani hata angeikumbuka asingeitaja. Kwake, nani asingejua mianzi ile ni ya nani?

Mvua zilipoanza, machipukizi yakatoka. Anayegema ulanzi hukata ncha ya chipukizi, hulitundikia mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga maji yake, kisha hurudi kila asubuhi na kila jioni kulichonga upya. Asipochonga, jeraha hukauka na chipukizi hilo halitoi tena. Kwa hiyo mzee alikuja kila asubuhi na kila jioni. Ufunguo wa pili wa kufuli alikuwa nao.

Siku za kwanza nilizungumza naye kwa adabu.

"Mzee, kuja njoo. Lakini piga hodi ukiwa nje, usubiri niitike."

Alicheka. "Nibishe hodi kwangu? Nyumba hii nimeikandika kwa mikono hii, binti. Hata panya wa humo wananijua."

"Panya hawalipi kodi, mzee."

"Basi we lipa kodi, mimi nigeme ulanzi. Kuna ugomvi gani hapo?"

Kazini tulifundishwa kuandika saa ya kila jambo: saa uchungu ulipoanza, saa maji yalipotoka, saa mtoto alipolia. Kuanzia siku ile nikaanza kuandika, nyuma ya daftari langu, saa za kuingia kwake. Sikujua bado nitazifanyia nini. Ninachokumbuka ni kwamba kuandika kulinipoza, na nilijua kupoa kule hakukuwa kusamehe.

Asubuhi moja nilikuwa nimetoka kuzalisha na nilikuwa naoga kwenye bafu la mabua. Bafu halikuwa na mlango, lilikuwa na gunia tu. Nilisikia kufuli. Nilisikia viatu. Nikapaza sauti, "Subiri, mzee, naoga!" Viatu havikusubiri. Alipita hatua mbili kutoka kwangu akichonga machipukizi yake moja baada ya jingine bila haraka, akiimba kwa Kibena chini chini, nami nilichutama nyuma ya gunia na sabuni machoni mpaka alipomaliza. Wakati wa kutoka akasema, "Oga, oga, mama mkunga. Mimi mzee, sioni kitu."

Jioni ile, kwenye kilabu ambako mkewe aliuza ulanzi, alisimulia alichokiona.

Habari hiyo niliipata kwa mzee wa kanisa. Alikuja zahanati mchana, akavua kofia, akasubiri hadi mama wa mwisho aondoke na mtoto wake.

"Dada," akasema, "kuna maneno. Wanasema chumbani kwako linaning'inia koti la mwanamume. Jeusi, refu, nyuma ya mlango."

"Nani anasema?"

"Kilabu kizima kinasema. Mwenye nyumba wako ndiye aliyeanza. Anasema naye hakukusudia, alikuwa anapita tu kwenda kwenye mianzi yake."

"Na wewe unasemaje, mzee?"

Aliizungusha kofia yake. "Mimi sisemi. Lakini baraza la wazee wa kanisa linakutana Jumapili ya pili kuanzia leo. Likikukuta na neno, utatengwa na meza ya Bwana. Na ukitengwa, sista anayesimamia zahanati hawezi kukuacha hapa kazini. Unajua masharti."

Niliyajua. Nilikuwa msichana asiyeolewa, mbali na kwetu Lupembe, na kazi yangu ilitegemea wanawake kuniruhusu niingie vyumbani mwao. Ningerudishwa nyumbani na koti hilo mgongoni mwangu maisha yangu yote.

Koti lilikuwapo. Lilikuwa koti la mvua la zahanati, la mshono wa kiume, tulilovaa kwa zamu tukiitwa vijijini mvua ikinyesha. Ningeweza kumwambia mzee wa kanisa pale pale. Sikumwambia. Nilitaka jibu hilo lisikike mahali ambapo mwenye nyumba angekuwa amesimama mbele ya watu.

Siku mbili baadaye nilipata lori la kwenda Njombe, mapatano yangu yakiwa ndani ya Biblia ili yasikunjwe. Bomani, karani wa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, aliyasoma akiwa amesimama. Nilimwambia nataka mwenye nyumba afungwe.

"Kwa kosa gani?"

"Anaingia kwangu bila ruhusa."

"Iko sheria ya jinai ya kuingia mahali pa mtu," alisema. "Na haijali kwamba nyumba ni yake, maana anayeikalia ni wewe. Lakini lazima uthibitishe kwamba aliingia kwa nia ya kutenda kosa, au kukutisha, kukutukana au kukuudhi. Atasema aliingia kugema. Nia yake utaitoa wapi?" Akanirudishia karatasi. "Hili peleka baraza la kwenu Makambako. Ni shauri la mapatano kati ya wenyeji wawili. Kule huhitaji nia. Unahitaji kifungu cha sita, na ukweli kwamba hakukifuata."

Njiani kurudi nilikaa juu ya magunia, nikipigwa na upepo, nikipanga maswali. Nilikuwa na hasira iliyotulia, ile ambayo mtu hata hahitaji kukaza meno. Hasira hiyo nimewahi kuiona kwa wakwe tu.

Shauri lilisikilizwa siku tatu kabla ya Jumapili ile. Hakimu wa baraza aliketi na wazee wawili, na karani wake kwenye meza ndogo. Watu walijaa, kwa sababu wengi wao walikuwa wanywaji wa ulanzi wa mzee na walitaka kujua kama wataendelea kunywa. Mzee wa kanisa nilimwalika mwenyewe. Alikaa nyuma.

Karani alisoma mapatano. Hakimu akamwuliza mzee kama dole gumba ni lake.

"Ni langu. Lakini kifungu hicho ni cha kukagua na kutengeneza. Mimi sikuingia kukagua wala kutengeneza. Niliingia kugema! Kwa hiyo hiyo taarifa ya siku moja hainihusu."

Watu wakacheka, wengine wakamwunga mkono. Hakimu hakucheka.

"Mzee, karatasi hii inakupa sababu mbili za kuingia. Wewe unasema uliingia kwa sababu ya tatu. Imeandikwa wapi?"

"Haikuandikwa. Inajulikana."

"Uliulizwa kama unabakiza kitu?"

Mzee alinitazama. "Niliulizwa."

"Ukajibu nini?"

"Nilisema sibakizi. Lakini ilikuwa mwezi wa kumi, mheshimiwa! Nani anafikiri ulanzi mwezi wa kumi?"

Hapo hata mmoja wa wale wazee wawili alitabasamu. Hakimu akauliza je, paa likivuja ataingiaje? Mzee akasema atatoa taarifa. Na moto ukiwaka? "Moto ukiwaka utaingia bila kuuliza," hakimu akamwambia, "hata jirani ataingia. Chipukizi la mwanzi siyo moto."

Kisha nikaruhusiwa kusoma. Nilisoma siku na saa, moja baada ya nyingine, bila kuongeza neno. Ilichukua muda. Nilisoma na ile asubuhi ya bafuni, na alichoniambia wakati wa kutoka. Kicheko kilikwisha barazani. Wanawake waliokuwa wamesimama dirishani waliacha kuzungumza.

"Ni kweli?" hakimu akamwuliza.

"Saa sizijui. Lakini nilikuwa napita tu. Mlango wa mbele, ukumbi, mlango wa nyuma, mianzi. Hivyo tu. Chumbani kwake sina kazi."

Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nikaomba nimwulize maswali.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Milango ya vyumba ya nyumba ile umeitia wewe?"

"Mimi mwenyewe. Baada ya yule mwizi."

"Inafungukia wapi, ndani ya chumba au ukumbini?"

"Ndani ya chumba. Mlango wa chumba ufungukie ukumbini kwani ni mlango wa zizi?"

"Mtu aliye ukumbini, mlango ukiwa umefungwa, anaona nini?"

"Anaona mlango."

"Na ukiwa wazi, upande wake wa nyuma unaelekea wapi?"

"Ukutani."

"Sasa mzee, ulisema kilabuni kwamba koti liko nyuma ya mlango wa chumba changu. Ulilionaje?"

Alifungua kinywa. Mtu mmoja nyuma akasema kwa Kibena neno ambalo sitaliandika. Ili kuliona koti lile ilibidi uwe umeingia chumbani, kisha uurudishe mlango nyuma yako. Kila aliyekuwa pale alikuwa anauona mlango ule kichwani mwake. Nilimwacha asimame hivyo. Nilihesabu pumzi zangu kumi, na nilizifurahia zote kumi.

Baada ya hapo nilitoa koti kwenye kikapu, nikalikunjua mbele ya meza ya karani. Ndani ya kola lilikuwa na alama ya zahanati iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Mzee wa kanisa alikuja mbele, akaisoma, akarudi akaketi. Safari hii kofia yake alikuwa ameivaa.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Kwa muda wote wa mapatano mwenye nyumba hana ruhusa ya kuingia, nyumbani wala uwanjani, isipokuwa kama kifungu cha sita kinavyosema. Ufunguo wa pili aniachie mpaka mwaka uishe. Maneno ya kilabuni ayafute pale pale kwa kinywa chake. Hakimu aliniuliza kama nataka fidia. Nikasema sitaki, nataka ayafute kwa sauti itakayofika dirishani. Alipoyafuta mara ya kwanza nikasema sijasikia. Akarudia.

Jumapili ile baraza la wazee wa kanisa lilikutana, jina langu halikutajwa, na Jumapili iliyofuata nilikula meza ya Bwana pamoja na wengine. Kazi yangu ilibaki kuwa yangu. Mtu mwema angeishia hapo.

Hakimu mwenyewe alinidokeza tulipokuwa tunatoka. "Sasa umeshinda. Unaweza kumruhusu kwa hiari yako, kwa saa mtakazopatana. Hakuna kinachokuzuia."

"Na kuna kinachonilazimisha?"

"Hakuna."

"Asante, mheshimiwa."

Machipukizi yalikuwa mengi mwaka ule. Mbeta zilijaa, zikamwagika, nyuki wakazijaa. Siku ya tatu bila kuchongwa, majeraha yakaanza kukauka. Nilikunywa chai yangu kwenye mlango wa nyuma nikiyatazama. Upande wa pili wa ua niliona vidole vya mzee vimeshika miti, na juu yake jicho. Nilimsalimu kila mara. "Kamwene, mzee." Jicho liliondoka.

Kisha akaja mkewe. Alisimama nje ya mlango wa mbele, mbali kidogo, mikono juu ya khanga yake.

"Hodi."

Nilimsikia. Nilikuwa nashona.

"Hodi, mama mkunga."

Aliita mara ya tatu ndipo nikatoka. Sikumkaribisha ndani.

"Mimi sina neno na wewe," alisema. "Naomba nigeme mimi. Asubuhi tu. Nitabisha hodi, nitasubiri, ukisema rudi nitarudi. Kilabu kimelala. Watoto wanakula kwa ulanzi ule, wewe unajua."

Nilijua. Wawili kati yao, wajukuu wake wachanga, niliwapokea kwa mikono yangu.

"Siku ile alipokuwa anasimulia habari za chumbani kwangu," nikamwuliza, "wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nauza."

"Ulisema nini?"

Alitazama chini. "Nilicheka. Wote walicheka."

"Basi nenda ukacheke nao."

Aliondoka polepole, akipita kando ya ua, na pale miti ilipoachana kidogo alisimama akaitazama mianzi kama mtu anayemtazama mgonjwa wodini kupitia dirishani. Nimezeeka sasa, na watu hutarajia niseme kwamba neno lile limenichoma tangu siku ile. Nililisema nikiwa nalitaka, na nilirudi kwenye ushonaji wangu nikamaliza pindo lote kabla jua halijatua.

Wiki ya tatu niliokota karatasi chini ya mlango. Ilikuwa imeandikwa na mtu anayejua kuandika: mwenye nyumba anatoa taarifa ya siku moja kwamba kesho mchana atakuja kukagua nyumba, kwa mujibu wa kifungu cha sita. Dole gumba chini. Niliisoma mara mbili kutafuta kosa. Halikuwapo. Hiyo ilikuwa haki yake kamili, na sikuwa na neno la kumzuia.

Kesho yake nilirudi kutoka zahanati, nikafagia ukumbi, nikaacha mlango wa mbele umerudishwa. Mzee alikuja akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alisimama nje.

"Hodi."

Nilimwacha kidogo.

"Karibu, mzee. Pita."

Aliingia. Nilimfuata hatua moja nyuma, chumba kwa chumba, mapatano mkononi. Aligusa kuta, akatazama paa, akajaribu bawaba za milango aliyoitia mwenyewe. Alipofika chumbani kwangu aliishia kizingitini, akasema, "Hapa pazuri," akageuka. Kisha akafungua mlango wa nyuma, na mkono wake ukaingia ndani ya koti.

"Uwanja nao umo kwenye ukaguzi," alisema.

"Umo. Kutazama ni haki yako. Kisu kiache hapa mlangoni."

Alikitoa. Kilikuwa kisu chembamba cha kugemea, kimenolewa asubuhi ile, makali yake yakimeta. Alikiweka juu ya kizingiti kama mtu anavyomlaza mtoto, akaenda mikono mitupu. Alipita kichaka kizima. Machipukizi yaliyochongwa zamani yalikuwa meusi kwenye ncha. Yale mengine, ambayo yangekuwa ya msimu ule wote, yalikuwa yamempita urefu, yamekomaa, yanatoa matawi. Alilishika moja, akalitikisa. Lilikuwa limekwisha kuwa fito.

"Binti," alisema bila kugeuka, "hayagemeki tena haya. Mpaka mwakani."

"Najua, mzee."

"Umefurahi?"

"Nimefurahi."

Alisimama pale muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji, nami sikumharakisha, kwa sababu bado ilikuwa mchana na taarifa yake ilikuwa sawa.